Tetekuwanga kwa mtoto: namna ya kumuuguza nyumbani, na homa ya siku ya tano isiyopaswa kupuuzwa

Dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Mwanawe wa miaka minne alikuwa na homa tangu jana yake, na jioni ile alipomvua shati amwogeshe alikuta mgongo umejaa vipele. "Vingine vina maji, vingine ni vidoti tu, na hapa kifuani kimoja kishaanza kukauka. Dada, ni surua hii?" Nikamwambia amulike mgongo kwa tochi ya simu, atazame taratibu, kisha anieleze anachokiona. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi zahanati, na maelezo yake yalinitosha. Kipele chenye maji, kidoti kibichi na kigaga vikikaa pamoja kwenye eneo dogo la ngozi, mara nyingi ni tetekuwanga.

Wiki mbili zilizofuata tulimuuguza yule mtoto nyumbani, isipokuwa siku chache alizolazwa kituo cha afya. Naandika tulivyofanya hatua kwa hatua, na nitakaa zaidi kwenye ile siku aliyopelekwa huko.

Kwanza, hakikisha ni tetekuwanga

Kipele cha tetekuwanga huanza kama kidoti kilichoinuka kidogo, unaweza kudhani mtoto kaumwa na mbu. Ndani ya saa chache kinajaa maji maangavu na kuwa lengelenge dogo lenye ngozi nyembamba, kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Siku moja au mbili baadaye maji yanakuwa na ukungu, lengelenge linabonyea katikati, kisha linakauka na kuwa kigaga. Vipele havitoki vyote siku moja. Vinakuja kwa mafungu kwa siku tatu hadi tano, ndiyo maana vya leo vinakuwa vibichi huku vya juzi vimeshakauka. Huanzia kifuani, mgongoni na usoni, halafu vinasambaa. Panua nywele utazame kichwani, na mwambie mtoto afungue mdomo, kwa sababu mara nyingi utavikuta huko pia.

Surua ni kitu kingine. Mtoto wa surua hukohoa, macho huwa mekundu, mafua humtiririka, na vipele vyake ni bapa, havina maji, vikianzia nyuma ya masikio na usoni. Upele wa kuwasha unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi hukaa zaidi katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni. Watu wa nyumba moja hujikuna wote, tena bila homa.

Ugonjwa ninaotaka uufikirie kwa makini ni mpox. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni dharura ya afya ya kimataifa, baada ya wagonjwa kuongezeka Kongo na kupatikana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Vipele vya mpox ni vigumu, vimezama ndani ya ngozi, na kwa kawaida vilivyo sehemu moja ya mwili hulingana umri. Hupenda viganja na nyayo, na tezi za shingoni au kwenye kinena huvimba. Lakini vipo visa ambavyo havifuati utaratibu huo. Kama vipele vimejaa viganjani, tezi zimevimba, au mtoto amekuwa karibu na mgonjwa wa mpox, usiamue mwenyewe. Mpeleke akapimwe, na uwaambie watumishi tangu mlangoni kwamba ana malengelenge, ili asikae kwenye benchi moja na watoto wengine.

Nani asiuguzwe nyumbani bila kuonwa

Mtoto aliyekuwa mzima na mwenye lishe nzuri, kwa kawaida tetekuwanga yake huuguzwa nyumbani. Wapo ambao wanatakiwa kuonwa siku hiyohiyo, hata kama vipele ni vichache: mtoto wa chini ya mwezi mmoja, mwenye utapiamlo mkali, mwenye VVU, anayetibiwa saratani, na anayemeza dawa za steroidi kama predinisoloni, kwa mfano kwa ajili ya ugonjwa wa figo. Hawa huhitaji dawa ya kuzuia kirusi iitwayo asaikloviri, ambayo hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza. Kijana aliyevuka miaka 12 naye aonwe mapema, maana umri ukisogea ugonjwa huu unakuwa mzito.

Homa: parasetamoli, na hiyo tu

Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto kinategemea uzito. Ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mpwa wangu ana kilo 15, kwa hiyo alihitaji miligramu 225. Chupa aliyonayo mama yake iliandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Tulimpa mililita 9, ambazo ni miligramu 216, na zilimtosha. Soma chupa yako kabla ya kupima, kwa sababu zipo dawa za maji zenye miligramu 250 katika mililita 5, zaidi ya mara mbili ya ile. Pima kwa kikombe kilichokuja na dawa au kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Na kama mtoto anacheza na homa haimsumbui, si lazima umpe dawa.

Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki. Dawa hizi zinapotumiwa wakati wa tetekuwanga zimehusishwa na maambukizi makali ya bakteria chini ya ngozi, na muuzaji wa duka la dawa anaweza kukupa kwa nia njema kabisa kwa sababu hakuona vipele. Mwambie wazi kwamba mtoto ana tetekuwanga. Asprini nayo ni marufuku, kwa kuwa ikikutana na kirusi hiki inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto kwa pamoja. Angalia na vidonge vya mchanganyiko vya maumivu, maana vingine vina asprini ndani.

Jambo la kwetu ambalo miongozo ya nchi za baridi haina: vipele kuonekana hakumaanishi kwamba homa yote ni ya vipele. Unakoishi kukiwa na malaria, mtoto mwenye homa apimwe malaria, awe na tetekuwanga au asiwe nayo. Nimeshaona mtoto ana vyote viwili. Kipimo cha kidole ni cha dakika chache.

Muwasho ndio adui wa ngozi

Lengelenge lenyewe halileti kovu mara nyingi. Kovu huletwa na kucha. Mtoto akilikwangua, anafungua mlango kwa bakteria wanaokaa kwenye ngozi na chini ya kucha. Kwa hiyo kazi ya usiku ule wa kwanza ilikuwa kukata kucha fupi kabisa, kuzilainisha kingo, na kumnawisha mikono kwa sabuni. Alipolala alivalishwa soksi mikononi. Alizivua mara mbili, mama yake akazirudisha.

Mwogeshe kila siku, hata mara mbili. Wapo wazee wanaosema mtoto wa tetekuwanga asiguswe na maji, na nawaelewa, kwa sababu wanaogopa atapata baridi. Lakini jasho na uchafu vinazidisha muwasho na kulisha bakteria. Tumia maji ya uvuguvugu yanayoelekea ubaridi na sabuni laini, usisugue kwa dodoki, kisha mkaushe kwa kumgusagusa na taulo laini. Mvike nguo nyepesi ya pamba. Kumfunika sweta na blanketi ili "vipele vitoke vyote" kunamtoa jasho tu, na joto huchochea muwasho.

Baada ya kuoga mpake losheni ya kalamaini, ile ya waridi. Tikisa chupa sana kwa sababu dawa hukaa chini. Paka juu ya vipele kwa pamba, usipake machoni, mdomoni wala kwenye kidonda kilichofunguka. Usiku, muwasho ukimnyima usingizi, dawa ya klorofeniramini, ambayo wengi tunaiita piritoni, husaidia. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano ni miligramu 1 kwa mara moja, yaani mililita 2.5 ya dawa ya maji yenye miligramu 2 katika mililita 5. Inalevya usingizi, kwa hiyo usiichanganye na dawa nyingine ya mafua au kikohozi yenye kulaza, na usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa kwa kila kinachowasha, usizipake. Zinapunguza nguvu ya ngozi kupambana na kirusi.

Kinywaji kabla ya chakula

Vipele vya mdomoni huuma kuliko vya mgongoni, na ndivyo vinavyomfanya mtoto akatae kula. Mpe vitu laini vilivyopoa: uji, mtindi, ndizi iliyopondwa, maji ya madafu. Limao, machungwa na pilipili viache kwanza. Asipokula siku mbili si hatari sana, ilimradi anywe. Kinachokuambia kama anakunywa vya kutosha ni mkojo. Mtoto wa umri huu asipokojoa kwa saa nane, au mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai, anaishiwa maji. Lakini muulize pia kama kukojoa kunamuuma. Vipele vya sehemu za siri huwafanya watoto waubane mkojo, na hapo kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kukojolea humohumo hurahisisha.

Ukaguzi wa kila jioni

Kila jioni mvue mtoto nguo zote, penye mwanga wa kutosha, umtazame kuanzia kichwani hadi unyayoni. Usisahau nyuma ya magoti, makwapani, kwenye kinena na katikati ya makalio. Hii ndiyo hatua inayookoa, na ndiyo watu huiacha, kwa sababu kufikia siku ya tano kila mtu ameshachoka na mtoto anaonekana kupona.

Kwa mpwa wangu mambo yalikwenda hivi. Siku ya kwanza na ya pili homa ilipanda na vipele vikaongezeka. Siku ya tatu homa ikashuka. Siku ya nne hakuwa na homa kabisa, aliomba chapati na kumfukuza kuku uani. Siku ya tano jioni joto likarudi, nyuzi 38.9 kwenye kipimajoto, na akawa hataki kutembea. Mama yake alidhani amechoka kwa mchezo.

Homa ya tetekuwanga hupanda mwanzoni na kushuka kadiri vipele vinavyokauka. Ikishakata kisha ikarudi, au ikapita siku ya nne bila kukata, usiseme ni ya vipele vilevile. Tafuta chanzo kipya, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni kwenye ngozi.

Nilipofika nilikuta bibi yake amempaka dawa ya zambarau kwenye vidonda vyote vya miguuni. Aliipaka kwa upendo, na dawa ile huua baadhi ya vijidudu. Tatizo lake ni kwamba inafunika rangi ya ngozi. Nikamwomba bibi ruhusa, nikasafisha paja la kulia taratibu kwa maji ya sabuni. Juu kidogo ya goti palikuwa na kidonda kimoja kilichokwanguliwa, chenye ukoko wa rangi ya asali, na ngozi inayokizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa.

Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Eneo lililoambukizwa huwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, au la kizambarau, linang'aa kwa kuvimba, na hapo macho hayatoshi. Tumia mgongo wa kiganja. Weka kwenye paja moja, kisha mahali palepale kwenye paja la pili. Paja la kulia lilikuwa la moto waziwazi. Bonyeza kwa kidole: palikuwa pagumu, na mtoto alipiga kelele.

Nikachukua kalamu ya wino nikachora mstari kufuata ukingo wa uvimbe, nikaandika saa pembeni. Nilifanya hivyo ili daktari aone kasi yake. Mstari huu si wa kukufanya usubiri nyumbani, maana mtoto mwenye homa iliyorudi pamoja na uvimbe wenye joto anaondoka usiku huohuo. Tulipofika kituo cha afya, kama saa moja na nusu baadaye, uvimbe ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kidole.

Alilazwa, akapewa antibayotiki ya sindano, na siku ya tatu akaruhusiwa na dawa ya kunywa ya kumalizia. Bakteria wanaofanya hivi ni wale wa kawaida wa ngozi na koo, na baadhi yao hawaguswi na amoksilini ya dukani. Ndiyo maana nasema usimwanzishie mwenyewe. Antibayotiki haina kazi yoyote kwa kirusi cha tetekuwanga, na kama bakteria wameingia, inatakiwa iliyo sahihi na kwa kipimo sahihi.

Kuna hali moja mbaya zaidi ya hiyo. Mtoto analia maumivu makali ya mguu au mkono kuliko unavyoona kwenye ngozi, na pengine ngozi yenyewe haijabadilika sana. Bakteria wanaweza kuwa wanakula nyama chini. Hapo usihesabu saa, mkimbize hospitali yenye uwezo wa upasuaji.

Mapafu na ubongo

Haya hutokea kwa nadra kuliko ya ngozi, ila yajue. Mtoto akikohoa na kuhema, mtulize, inua fulana, uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale au simu. Mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi, au mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, mpeleke mara moja.

Kwa upande wa ubongo, ipo hali inayowashtua wazazi karibu wiki moja baada ya vipele: mtoto anayumba kama amelewa, anashindwa kushika kikombe sawasawa. Mara nyingi hupona yenyewe kwa wiki kadhaa, lakini lazima aonwe, kwa sababu wewe huwezi kuitenganisha na iliyo hatari zaidi. Degedege, usingizi asioamshika, shingo kukakamaa, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kunywa au kunyonya, au vipele vinavyovuja damu na kubadilika kuwa vyeusi, vyote ni safari ya hospitali wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku.

Wengine ndani ya nyumba

Mtoto huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, mpaka vipele vyote viwe vigaga. Kwa kawaida ni siku tano hivi tangu vianze, lakini hesabu vigaga, usihesabu siku. Kipele kimoja chenye maji kikibaki, asiende chekechea wala madrasa.

Jiulize mapema nani katika nyumba na majirani ana mimba na hakumbuki kuugua tetekuwanga. Huyo asisubiri vipele. Aende kliniki mara tu ajuapo amekaa na mgonjwa, aeleze tarehe, maana zipo hatua zinazosaidia zaidi kabla ya kuugua. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, kichanga yuko hatarini sana na anahitaji hospitali.

Babu au mjomba mwenye mkanda wa jeshi naye anaweza kuwa chanzo. Ni kirusi kilekile, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu tangu alipougua utotoni. Malengelenge yake yafunikwe kwa nguo, na watoto wasiyaguse. Chanjo ya tetekuwanga ipo, ila haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania wala Kenya. Anayeitaka aulizie hospitali binafsi.

Ndugu wa mgonjwa huanza kuugua kati ya siku 10 na 21 baada ya kukaa naye, mara nyingi karibu na siku ya 14 hadi 16. Na mtoto wa pili nyumbani mara nyingi hupata vipele vingi kuliko wa kwanza, kwa kuwa amelala kitanda kimoja na mgonjwa. Dada yangu aliandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Mdogo mtu, wa miaka miwili, alitokwa na kipele chake cha kwanza nyuma ya sikio siku ya 15. Kucha zake zilikuwa zimeshakatwa tangu juzi yake.